Mkeka unafutika kila nikisafisha chenga, lakini kanga inabaki. Albedo na nomali zinafanyaje kazi kwenye katuni?

Kombe_la_Pwani (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Natengeneza filamu fupi ya katuni kwa Blender, narenda kwa Cycles. Shoti inayonisumbua ni ya sekunde 8, fremu 24 kwa sekunde, ukubwa 1920 kwa 1080. Bibi ameketi ukumbini juu ya mkeka wa ukindu, amejifunga kanga, jua linapenya dirisha lenye nakshi, na kamera inasogea kutoka kushoto kwenda kulia.

Narenda kwa sampuli 64, na kila fremu inakula kama sekunde 50. Chenga nasafisha kwa OpenImageDenoise humo humo kwenye mpangilio wa renda, na kwenye `Passes` nimechagua `Albedo`. Kanga inatoka safi kabisa: pindo linaonekana, mji unaonekana, hata jina linasomeka. Mkeka ndio balaa. Kabla ya kusafisha naona ukili mmoja mmoja na mishono yake. Nikishasafisha, pale chini panabaki bapa la rangi ya majani makavu, na shoti ikitembea bapa hilo linachemka kwa mabaka.

Nipandishe sampuli hadi 256 au kuna kitu sijakigusa? Nimepiga hesabu: fremu 192 kwa sekunde 50 ni saa 2 na dakika 40. Kwa sampuli 256 itafika saa 10 na dakika 40, na hii ni shoti moja tu.

Mzee_wa_Kodeki

Mkuu, hilo tatizo ni la video, wala si la renda. Unapotoa MP4 kwa kiwango kidogo cha data, kitu cha kwanza kuliwa ni vitu vidogo vidogo kama mkeka, majani na mchanga. Na hayo mabaka yanayochemka ndiyo dalili yake. Toa upya kwa kiwango cha juu uone.

Kombe_la_Pwani

Asante mzee wangu, lakini sijafika kwenye video bado. Naangalia EXR zenyewe, fremu moja moja. Mkeka umeshafutika humo.

Bi_Nodi

Kombe, usipandishe chochote kwanza. Nina maswali mawili. Mkeka wako una rangi za kupaka au ni ukindu mtupu? Na huo msuko umeuweka kwa njia gani: picha ya rangi, bampu, au umesuka modeli yenyewe?

Kisha nenda `View Layer Properties`, fungua `Passes`, chini ya `Data` weka tiki kwenye `Denoising Data`. Renda fremu moja tu. Ikimaliza, kwenye dirisha la picha badilisha pasi kutoka `Combined` uende `Denoising Albedo`, halafu `Denoising Normal`. Niambie mkeka unaonekanaje katika kila moja.

Kombe_la_Pwani

Ni ukindu mtupu dada, rangi moja. Msuko ni bampu tupu.

Nimeangalia. Kwenye `Denoising Albedo` kanga ipo yote, hata herufi za jina. Mkeka ni doa moja la rangi, hakuna msuko hata kidogo. Kwenye `Denoising Normal` msuko upo, kila ukili na mwelekeo wake.

Bi_Nodi

Basi jibu umeshalipata kwa macho yako. Ngoja nieleze kwa nini, maana wengi wanawasha hizi pasi bila kuzitazama.

Dinoiza inapokabidhiwa picha yenye chenga, inaona pikseli jirani zinatofautiana. Haina njia ya kujua kama tofauti hiyo ni chenga za sampuli chache au ni msuko wa mkeka, kwa hiyo inasawazisha vyote. Albedo inaiambia: hapa rangi ya kitu chenyewe inabadilika, mbali na mwanga. Herufi za jina la kanga zipo kwenye albedo, na albedo haisubiri mwanga utulie, kwa hiyo inatoka safi hata kwa sampuli chache. Dinoiza inaona mpaka wa herufi, inauheshimu.

Mkeka wako hauna mpaka wowote wa rangi. Msuko wote umo kwenye mwelekeo wa uso, yaani nomali. Wewe umechagua `Albedo` peke yake, kwa hiyo umeificha dinoiza taarifa pekee iliyoonyesha kwamba kuna msuko. Kwa macho yake pale chini ni sakafu bapa yenye chenga, na sakafu bapa lazima iwe laini.

Chagua `Albedo and Normal`. Kwa wanaopenda kuandika:

```
import bpy
c = bpy.context.scene.cycles
c.use_denoising = True
c.denoiser = 'OPENIMAGEDENOISE'
c.denoising_input_passes = 'RGB_ALBEDO_NORMAL'
c.denoising_prefilter = 'ACCURATE'
bpy.context.view_layer.cycles.denoising_store_passes = True
```

Nina hamu ya kujua pia kwa nini ulitoa nomali, maana Blender yenyewe huanza na zote mbili.

Kombe_la_Pwani

Kuna video ya mafunzo ilisema nomali inafanya picha iwe ngumu ngumu, niitoe. Narenda upya sasa hivi.

Tekscha_Mwanza

Naongezea hapo. Mimi siwashi kabisa `Denoising Data`. Naenda kwenye kompozita, nachukua nodi ya `Denoise`, kwenye tundu la albedo naunga `Diffuse Color`, kwenye tundu la nomali naunga pasi ya kawaida ya `Normal`. Ni kitu kile kile, na pasi hizo unazitumia kwa kazi nyingine pia. Dinoiza inachukua tekscha kutoka kwenye rangi ile na kuibandika juu ya picha iliyosafishwa.

Bi_Nodi

Tekscha, kwa kuta, nguo na udongo unapata matokeo yanayofanana, kwa hiyo naelewa kwa nini umeridhika. Lakini si kitu kile kile. `Diffuse Color` inahesabu rangi ya sehemu ya uso inayotawanya mwanga peke yake. Chuma tupu na kioo havina sehemu hiyo, kwa hiyo humo vinakuwa vyeusi. `Denoising Albedo` imetengenezwa kwa ajili ya kazi hii. Ikikutana na kioo au chuma king'avu sana, Cycles inaufuata mwale hadi kwenye kile kinachoonekana ndani yake au nyuma yake, kisha inaandika rangi na nomali za huko. Ndiyo maana sura iliyo kwenye kioo cha ukutani nayo inabaki na maelezo yake.

Na haibandiki chochote. Inaongozwa tu. Pembe iliyo gizani, ambako sampuli chache sana zimeona mwanga, inaweza kupoteza tekscha hata kama albedo ni safi kama nini.

Sonara_Digitali

Naomba kuuliza hapo hapo. Mimi sifanyi katuni za hadithi, nafanya matangazo ya vito: bangili ya dhahabu inazunguka taratibu kwenye meza ya glasi. Mistari iliyochongwa kwenye bangili inapotea, na mimi pia naunga `Diffuse Color`. Hiyo ndiyo sababu?

Bi_Nodi

Kwa bangili, ndiyo, ni sababu kubwa. Ukifungua hiyo pasi utaona bangili nzima ni nyeusi, hakuna taarifa. Weka `Denoising Albedo` na `Denoising Normal`. Mistari ya kuchonga itaonekana kwenye nomali kama dhahabu yako ni ya kung'aa kiasi. Ikiwa inang'aa mithili ya kioo, pasi zitaandika kile kinachoakisiwa, na hapo mchongo utaonekana kwa jinsi unavyovunja taswira ya chumba ndani yake. Kama mazingira yako ni rangi moja tupu, hakuna cha kuvunja. Mpe kitu cha kuakisi.

Kombe_la_Pwani

Nimerudi. Fremu ya 1 imetoka vizuri kupita nilivyotarajia, ukili unahesabika. Ila kamera huanza pole pole halafu inakolea katikati ya shoti. Fremu ya 90, mwendo umekolea, msuko umefifia tena, na ukicheza fremu za 80 hadi 110 mkeka bado unachemka, ingawa si kama mwanzo. Nimewasha ukungu wa mwendo, na lenzi ina fokasi fupi, mkeka wa mbele upo nje ya fokasi kidogo. `Prefilter` ipo kwenye `Accurate`.

Kijana_wa_Nakuru

Weka `Prefilter` kwenye `None` boss. Hiyo `Accurate` inalainisha albedo na nomali kabla ya kazi yenyewe kuanza, ndio maana msuko unafifia. Nilifanya hivyo kwa majani ya chai na nikapata detaili yote.

Kombe_la_Pwani

Nimejaribu. Msuko umerudi, lakini na chenga zimerudi, hasa pale mbele palipo nje ya fokasi.

Bi_Nodi

Kijana amegusa mahali penyewe, ila dawa yake inafaa pale tu ambapo pasi ni safi. Majani yake ya chai bila shaka yalikuwa ndani ya fokasi na kamera imetulia.

Kombe, fungua `Denoising Normal` ya fremu ya 90. Utaona nayo ina chenga. Kamera ikitembea huku shata iko wazi, kila sampuli inapiga sehemu tofauti ya mkeka. Nje ya fokasi ni vivyo hivyo. Sampuli 64 hazitoshi kupata wastani safi wa msuko mwembamba kiasi hicho.

Ukichagua `None` unaiambia dinoiza kwamba pasi hizi hazina chenga, ziamini. Inaziamini kweli, na kila chenga iliyomo inahesabiwa kuwa msuko. Ukichagua `Accurate`, albedo na nomali zinasafishwa kwanza peke yake, kisha ndipo zinaongoza picha. Lakini kule nako dinoiza inakutana na swali lile lile la mwanzo: hii ni chenga au ni ukili? Ikikosea, msuko unafutika kwenye nomali kabla haujafika kwenye picha. Na kwa kuwa chenga zinabadilika kila fremu, inakosea tofauti kila fremu. Huko ndiko kuchemka kunakotokea. OpenImageDenoise kwenye Blender inasafisha kila fremu peke yake, haikumbuki iliyotangulia.

Kwa hiyo kinachohitaji sampuli nyingi ni pasi zako, wala si mwanga wote. Na pasi ni rahisi kurenda kwa sababu hazihitaji mwanga kuruka ruka chumbani. Fanya hivi: tengeneza nakala ya sini kwa `Linked Copy`, ili vitu, kamera na mwendo viwe vile vile. Kwenye nakala peleka sampuli hadi 256, zima dinoiza, na kwenye `Light Paths` shusha `Max Bounces` ya `Total` iwe 0. Acha ukungu wa mwendo na fokasi kama vilivyo, vinatakiwa vilingane na picha pikseli kwa pikseli. Weka tiki ya `Denoising Data`.

Kisha kwenye kompozita ya sini kubwa weka nodi mbili za `Render Layers`, moja kwa kila sini. Picha yenye chenga itoke sini kubwa, albedo na nomali zitoke kwenye nakala, zote ziingie `Denoise` yenye `Prefilter` ya `None`. Ukiacha dinoiza imewashwa kwenye sini kubwa, hakikisha unaunga `Noisy Image` badala ya `Image`. Picha iliyosafishwa mara mbili inatoka laini ajabu, na watu wanahangaika siku nzima bila kuona kwa nini.

Kama ungekuwa na glasi au kioo kwenye shoti, sifuri isingefaa, maana mwale usingeweza kupita kioo na kuandika kilichoko nyuma. Ungeacha miruko michache.

Kombe_la_Pwani

Hakuna kioo kwenye shoti hii. Najaribu.

Tekscha_Mwanza

Mimi sijaelewa kwa nini asitumie njia ya kutenganisha mwanga na rangi. Unachukua `Diffuse Direct` na `Diffuse Indirect`, unazijumlisha, unasafisha huo mwanga peke yake, kisha unauzidisha na `Diffuse Color`. Tekscha haipitii dinoiza kabisa, haiwezi kuguswa.

Mpishi_wa_Renda

Nimefanya kazi kwa njia hiyo na naiheshimu, lakini kwa mkeka wa Kombe haisaidii. Msuko wake hauko kwenye rangi. Ukitenganisha, msuko wote unabaki upande wa mwanga, ambao ndio unaosafishwa. Bado utahitaji nomali.

Kwa kanga ni sawa kabisa. Ila kwenye shoti yenye ukungu wa mwendo angalia kingo. Rangi imepigiwa wastani peke yake na mwanga peke yake, na kuzidisha wastani mbili si sawa na wastani wa mazao. Pale kanga nyekundu inapopita mbele ya ukuta mweupe nilikuwa napata uzi mwembamba wa rangi isiyokuwepo.

Tekscha_Mwanza

Hizo kingo sijawahi kuziona, labda kwa sababu ukungu wa mwendo naweka baadaye kwenye kompozita. Kwa kanga nitaendelea na njia yangu. Kwa mkeka nimekuelewa.

Kombe_la_Pwani

Jamani, imekubali. Nakala ya sini, sampuli 256 bila miruko, inachukua kama sekunde 12 kwa fremu. Kwa fremu 192 ni kama dakika 38. Nikijumlisha na renda ya kawaida ya sampuli 64 nafika kama saa 3 na dakika 18, badala ya zile saa 10 na ushei. Fremu za 80 hadi 110 mkeka umetulia. Msuko ulio nje ya fokasi ni laini lakini ni ulaini wa lenzi, na unatembea pamoja na mkeka.

Yamebaki mawili. Upande wa mbali wa mkeka, karibu na ukuta, bado panameta meta. Na kivuli cha nakshi ya dirisha, kile kinachoanguka sakafuni, kimekuwa kama kimepigwa brashi na kingo zake zinapumua.

Bi_Nodi

La kwanza: pale mbali ukili ni mwembamba kuliko pikseli. Pikseli moja inabeba nyuzi kadhaa zenye nomali tofauti, na hata sampuli 256 zinaweza zisitulie. Hakuna maelezo ya kuhifadhi pale, jicho haliwezi kuyaona. Punguza nguvu ya bampu kadiri mkeka unavyokwenda mbali na kamera, na ongeza `Roughness` kidogo kufidia. Umbali unaupata kwenye nodi ya `Camera Data`.

La pili ni gumu zaidi. Fungua albedo utafute kivuli. Hakimo. Fungua nomali, hakimo. Kivuli ni habari ya mwanga, na hizi pasi mbili hazijui lolote juu ya mwanga. Kwa kivuli dinoiza inategemea picha yenyewe, kwa hiyo hapo ndipo sampuli za sini kubwa zinahitajika kweli. Ningejaribu 128 kwenye sini kubwa, nikaacha nakala ilivyo. Angalia pia ukubwa wa jua lako, `Angle`. Likiwa pana, ukingo wa kivuli unakuwa mpana na wenye chenga nyingi.

Kijana_wa_Nakuru

Si angetumia OptiX ya kuangalia fremu jirani? Ipo tangu Blender 3.1. Unarenda EXR za tabaka nyingi zenye `Denoising Data` na pasi ya `Vector`, halafu kwenye konsoli:

```
bpy.ops.cycles.denoise_animation()
```

Inatumia mwendo wa fremu iliyopita, kwa hiyo kivuli kinatulia.

Mpishi_wa_Renda

Inatuliza kweli, lakini ina masharti mawili. Lazima uwe na kadi ya NVIDIA. Na pasi ya `Vector` haipatikani ukiwa umewasha ukungu wa mwendo, kwa hiyo Kombe angeuzima na kuuongeza baadaye kwa nodi ya `Vector Blur`. Halafu mimi nina shaka na vivuli. `Vector` inafuata vitu, na kivuli hakitembei lazima pamoja na sakafu kilichoangukia.

Kijana_wa_Nakuru

Hapa kwake jua limesimama na sakafu imesimama, kamera tu ndiyo inatembea. Kivuli kitafuata sakafu.

Mpishi_wa_Renda

Kwa shoti hii, ndiyo, nakubali. Ingekuwa ni kivuli cha mnazi unaopeperushwa na upepo ningebaki na shaka yangu.

Kombe_la_Pwani

Kadi yangu ni ya AMD kwa hiyo hilo siwezi kulijaribu. Nimejaribu 128 kwa fremu 20 za katikati: kivuli kimekaza kingo, bado kinapumua kidogo pale sehemu nyembamba za nakshi. Jua langu lilikuwa na `Angle` ya digrii 3. Nimeshusha hadi 0.5, ambayo ni karibu na upana wa jua la kweli angani, na kivuli kimekuwa kikali zaidi kuliko alivyotaka mchora ubao wetu wa hadithi. Nitamwonyesha zote mbili achague.

Kama kuna mwenye kadi ya NVIDIA na muda, naweza kumpa EXR za fremu hizo 20 bila ukungu wa mwendo, zikiwa na `Vector`, tuone kivuli kinafanyaje.

Sonara_Digitali

Ninayo. Zilete. Na kwa faida ya wengine: bangili imekubali kwa `Denoising Albedo` na `Denoising Normal`, mistari yote ipo. Meza ya glasi ndiyo bado ina chenga pale inapoakisi taa, nadhani nitafungulia uzi wake.